Vyote Nje Uani: Maswali Manne ya Figo na Majibu Yake

Kijana mmoja wa mwaka wa pili wa udaktari aliniletea karatasi yake ya jaribio akiwa amenuna. Swali lilikuwa fupi: "Eleza kwa nini mgonjwa wa kisukari hukojoa sana." Alama 6. Alikuwa ameandika mistari kumi na miwili iliyojaa majina: nefroni, glomeruli, kitanzi cha Henle, vasopresini, aldosteroni. Alikuwa amepata alama 1.

"Mwalimu, kosa langu ni lipi? Yote niliyoandika yamo kitabuni."

Nilimwambia afunge karatasi anieleze kwa Kiswahili, kama ambavyo angemweleza mama yake: sukari imetoka wapi, imepita wapi, nani huwa anaizuia isitoke, na ni lini huyo mzuiaji anazidiwa. Alinyamaza. Majina alikuwa nayo yote, ila safari yenyewe hakuwa nayo.

Mitihani ya fiziolojia ya figo ina maswali mengi ya majibu mafupi, na karibu yote huuliza jambo moja kwa sura tofauti: kitu fulani kilichokuwa ndani ya damu kimefikaje kwenye mkojo, au kimezuiwaje kisifike? Nimechagua maswali manne. Kila moja lina jibu la mfano, na baada ya jibu nimeeleza alama ziko wapi na wanafunzi huteleza wapi. Asiyesoma udaktari naye atayafuata, kwa sababu figo anazo.

Kwanza, jinsi figo zinavyofanya usafi

Kuna njia mbili za kusafisha chumba. Unaweza kuingia na kutafuta takataka moja moja ukazitoa. Au unatoa vyombo vyote nje uani, kisha unarudisha vile unavyovitaka, na kilichobaki uani ndicho taka. Figo hutumia njia ya pili.

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kila kichujio ni fundo la mishipa myembamba mno ya damu, linaloitwa glomeruli, na kimeunganishwa na mrija wake. Kichujio na mrija wake kwa pamoja ndivyo nefroni. Damu inapopita kwenye fundo lile, msukumo wake hukamua maji pamoja na kila kitu kidogo kilichoyeyuka humo: chumvi, sukari, urea, vitamini. Chembe za damu na protini kubwa hubaki ndani ya mshipa.

Kwa kijana mwenye afya, mililita 125 hivi huchujwa kila dakika. Kwa siku hiyo ni lita 180, yaani madumu tisa ya lita ishirini. Lakini plazma, maji ya damu, haizidi lita 3 hivi mwilini. Maana yake ni kwamba plazma yote hutolewa uani na kurudishwa mara 60 kwa siku. Jioni mkojo uliotoka ni kama lita moja na nusu. Madumu tisa yametoka nje, na yote yamerudishwa ndani isipokuwa chupa moja kubwa ya maji.

Njia hii inaonekana ya gharama, lakini ina faida yake. Figo hazihitaji kuitambua kila sumu mpya unayokula. Zinahitaji kuvijua vile zinavyovitaka tu, na kisichookotwa hutoka chenyewe. Kwa hiyo karibu kila jibu la figo hujengwa juu ya mstari mmoja:

kilichotoka kwenye mkojo = kilichochujwa − kilichorudishwa + kilichoongezwa na mrija

Swali la 1: Vichujio vinafanya kazi kiasi gani?

*Mwanamume amekusanya mkojo wa saa 24 na kupata mililita 1440. Kreatinini kwenye mkojo ni milimoli 9 kwa lita, na kwenye plazma ni milimoli 0.09 kwa lita. Kokotoa usafishaji wa kreatinini, na eleza kwa nini unatumika kukadiria kasi ya uchujaji. (Alama 5)*

Jibu la mfano. Mkojo kwa dakika ni 1440 ÷ 1440 = mililita 1. Usafishaji ni:

C = (U × V) / P = (9 × 1) / 0.09 = mililita 100 kwa dakika

Maana yake ni kwamba kila dakika figo zinatoa kreatinini iliyokuwemo ndani ya mililita 100 za plazma. Kreatinini huchujwa bila kizuizi na mrija hauirudishi. Kwa hiyo iliyochujwa karibu yote ndiyo iliyotoka, na usafishaji wake unakaribiana na kasi ya uchujaji. Mrija huongeza kreatinini kidogo, kwa hiyo kipimo hiki huzidi ukweli kidogo.

Alama ziko wapi. Hesabu yenyewe ina alama 2 tu. Zilizobaki ni za mantiki: haizuiliwi kwenye kichujio, hairudishwi, huongezwa kidogo. Anayeandika "kwa sababu kreatinini ni kipimo cha figo" amelirudia swali, hajalijibu.

Ukishaielewa kreatinini unaweza kuupima mwenendo wa kitu kingine chochote kwa kukilinganisha nayo. Kitu ambacho usafishaji wake ni mdogo kuliko kasi ya uchujaji kimerudishwa ndani. Sukari ya mtu mwenye afya ina usafishaji wa sifuri: yote ilitoka uani, na yote imerudi. Kitu ambacho usafishaji wake unazidi kasi ya uchujaji kimeongezwa na mrija wenyewe, kwa sababu kichujio peke yake kisingeweza kutoa kiasi hicho.

Kipimo hiki huharibika kwenye chombo cha kukusanyia mkojo kabla hakijaharibika kwenye hesabu. Utaratibu sahihi ni huu: saa 12 asubuhi mgonjwa akojoe na mkojo huo amwage. Kuanzia hapo akusanye wote, mchana na usiku, mpaka saa 12 asubuhi ya pili, ambapo atakojoa tena na mkojo huo wa mwisho auweke. Wengi hukusanya mkojo wa asubuhi zote mbili, kwa hiyo siku moja inakuwa na saa zaidi ya 24. Wengine huenda haja kubwa na kusahau chombo. Mtu wetu akimwaga mililita 360, usafishaji utasomeka 75 badala ya 100, na atarudi nyumbani akiamini figo zake zimeanza kuchoka. Namna ya kulishtukia kosa hili ni kuangalia jumla ya kreatinini kwenye mkojo wa siku nzima. Kreatinini hutoka kwenye misuli kwa kiasi ambacho kwa mtu yuleyule hakibadiliki sana siku hadi siku, kwa hiyo jumla ikishuka ghafla, kwanza muulize mgonjwa habari za chombo.

Misuli inaleta na mtego wa pili. Bibi mwembamba wa miaka 80 anazalisha kreatinini kidogo, kwa sababu misuli yake ni midogo. Kipimo chake cha damu kinaweza kusomeka cha kawaida huku uchujaji wake umepungua kufikia nusu. Ndiyo maana maabara nyingi siku hizi hutumia fomula inayoingiza umri na jinsia badala ya kusoma namba ya damu peke yake.

Swali la 2: Sukari inapozidi mikono ya kuiokota

*Plazma ya mgonjwa ina glukosi milimoli 20 kwa lita. Kasi ya uchujaji ni mililita 125 kwa dakika, na uwezo wa juu wa mirija kurudisha glukosi ni milimoli 2 kwa dakika. Kokotoa glukosi inayopotea kwenye mkojo, na eleza kwa nini anakojoa sana. (Alama 6)*

Hili ndilo swali lililomwangusha yule kijana.

Jibu la mfano. Glukosi inayochujwa ni 0.125 × 20 = milimoli 2.5 kwa dakika. Inayorudishwa ni milimoli 2 tu, kwa sababu vibebeo vyote vimejaa. Inayopotea ni milimoli 0.5 kwa dakika, ambayo kwa siku ni milimoli 720, sawa na gramu 130 hivi. Glukosi iliyobaki ndani ya mrija huvuta maji kwa osmosisi na kuyazuia yasirudi kwenye damu. Mkojo unakuwa mwingi na una sukari. Maji ya mwili yanapungua, damu inakuwa nzito, na mgonjwa anasikia kiu.

Alama ziko wapi. Alama 2 ni za hesabu, 1 ya kusema vibebeo vimejaa, 2 za sukari kushikilia maji, na 1 ya kuunganisha na kiu. Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye karatasi ni kuandika kwamba vasopresini, homoni inayobana mkojo, imepungua. Kwa mgonjwa huyu mambo ni kinyume kabisa. Damu yake imekuwa nzito na vasopresini yake iko juu. Homoni inajitahidi kuyaita maji yarudi, lakini sukari iliyo ndani ya mrija imeyashika. Upo ugonjwa mwingine ambao kweli vasopresini inakosekana, lakini mkojo wake ni mwepesi kama maji ya bomba na hauna sukari. Mtahini anayeuliza swali hili anataka kujua kama unaitofautisha hali moja na nyingine.

Vibebeo ni protini zilizopandikizwa kwenye ukuta wa sehemu ya mwanzo ya mrija. Wafikirie kama vibarua wanaopakua gunia kutoka kwenye lori. Magunia yakiwa machache, kila gunia lina kibarua. Yakizidi vibarua, mengine yanapita na lori. Mtu mwenye afya ana glukosi ya milimoli 5 hivi kwa lita, kwa hiyo huchuja milimoli 0.6 kwa dakika na vibarua wengi wamekaa. Hata hivyo, kwa siku nzima sukari anayoichuja na kuirudisha inafika gramu 160, na hakuna hata kijiko kimoja kinachopotea.

Kwamba kazi kweli inafanyika kwa kumwaga kisha kuokota lilikuwa jambo la mabishano kwa miaka mingi. Mwaka 1924, huko Philadelphia, Joseph Wearn na Alfred Richards walichoma sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele ndani ya kichujio kimoja cha figo ya chura na kunyonya tone la majimaji. Tone lile lilikuwa na sukari. Mkojo uliokuwa kwenye kibofu cha chura yuleyule haukuwa na sukari. Sukari ilikuwa imetoka nje na kurudishwa njiani.

Mtahini akitaka kumjaribu mwanafunzi mzuri, huongeza kipengele kimoja. Ukigawa 2 kwa 0.125 unapata 16. Kwa hesabu hiyo sukari isingeonekana kwenye mkojo mpaka ile ya damu ivuke 16. Mbona wagonjwa huanza kuitoa ikifika karibu na 10? Jibu ni kwamba nefroni milioni mbili si mapacha. Nyingine zina kichujio kikubwa na vibarua wachache, na hizo huzidiwa mapema. Zaidi ya hapo, kibarua hashiki kila gunia linalompitia, hata kabla hajachoka. Namba ya 16 ni ya figo nzima kwa jumla, na ile ya 10 ni ya nefroni dhaifu zinazoanza kuvujisha.

Watu waliona matokeo ya jambo hili kabla ya vipimo. Sisimizi waliokusanyika mahali mtu alipokojoa walikuwa dalili iliyofahamika. Na leo mlango huohuo umegeuzwa dawa. Dawa kama dapagliflozini humfunga kibarua mikono kwa makusudi, ili sukari ya ziada itoke na mkojo. Mwanafunzi aliyeelewa swali hili anaweza kubashiri mwenyewe usumbufu wa dawa hiyo: kukojoa zaidi, na maambukizi ya fangasi sehemu za siri, kwa sababu sukari inapita pale.

Swali la 3: Kwa nini maji ya bahari hayakati kiu?

*Mvuvi aliyepotea baharini amekunywa lita 1 ya maji ya bahari. Kwa kutumia uwezo wa figo kukoleza mkojo, eleza kwa nini hali yake inakuwa mbaya zaidi. (Alama 6)*

Jibu la mfano. Maji ya bahari yana sodiamu milimoli 470 hivi kwa lita, wakati plazma ina 140. Sodiamu ikiingia mwilini, damu inakuwa nzito. Vihisio vya ubongo vinalitambua hilo, na tezi ya pituitari inatoa vasopresini. Homoni hii inafungua milango ya maji kwenye mirija ya kukusanyia mkojo, na maji yanarudi kwenye nyama ya ndani ya figo, ambayo ni ya chumvi nyingi. Lakini mkojo hauwezi kuwa mkali kuliko nyama hiyo, na sodiamu yake kwa kawaida haipiti milimoli 300 hivi kwa lita. Kuitoa sodiamu ya milimoli 470 kunahitaji 470 ÷ 300, yaani lita 1.6 za mkojo. Amekunywa lita 1 na atapoteza lita 1.6. Nusu lita na zaidi imechotwa kutoka mwilini mwake.

Alama ziko wapi. Alama 3 ni za mnyororo wa vasopresini kwa mpangilio wake: damu nzito, kihisio, homoni, milango, maji kurudi. Alama 1 ni ya kusema kikomo kinatoka wapi, na 2 ni za hesabu.

Hesabu hii ina shimo ambalo wengi hutumbukia. Vitabu husema mkojo wa binadamu unaweza kukolea mpaka miliosmoli 1200 kwa lita. Maji ya bahari ni zaidi kidogo ya 1000. Mwanafunzi hugawa 1000 kwa 1200, anapata lita 0.83, na anahitimisha kwamba mvuvi amefaidi maji kidogo. Hesabu ni safi lakini jibu ni la hatari. Amesahau kwamba zile 1200 hazikuachwa wazi kwa ajili ya chumvi peke yake. Sehemu kubwa imeshikwa na urea na taka nyingine ambazo lazima zitoke kila siku, mtu akiwa na kiu au asiwe nayo. Basi likiwa na viti sitini na abiria thelathini wamo tayari, usihesabu viti sitini.

Ile milango ya maji inaitwa akwaporini. Peter Agre, mwanasayansi wa Marekani, aliitambulisha kazi yake mwaka 1992, na mwaka 2003 akapata Tuzo ya Nobeli ya kemia. Kabla ya hapo ilijulikana kwamba maji yanapita kwenye ukuta wa seli kwa kasi ya ajabu, ila mlango haukuonekana. Vasopresini haitengenezi maji wala haiyasukumi. Kazi yake ni kuisogeza milango iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya seli na kuibandika ukutani. Maji yenyewe hufuata chumvi. Sentensi "vasopresini husukuma maji" hukosesha alama, na ni haki, kwa sababu ukiiamini hutaweza kueleza kwa nini kikomo kipo. Mlango ukiwa wazi, maji hupita mpaka pande mbili zilingane, kisha husimama.

Swali la 4: Kuhara, dawa ya maumivu na mkojo uliokauka

Swali la mwisho huja kama mgonjwa, na ndilo linaloonyesha kama yale matatu yaliingia.

*Mwanamume wa miaka 30 ameharisha siku mbili. Kwa maumivu ya mgongo amekuwa akimeza diklofenaki aliyonunua dukani. Msukumo wa damu ni 95/60, mapigo 118 kwa dakika. Mkojo wa siku moja ni mililita 300, una sodiamu milimoli 8 na kreatinini milimoli 16 kwa lita. Plazma ina sodiamu 140 na kreatinini 0.2. (a) Je, mirija yake bado inafanya kazi? Onyesha kwa hesabu. (b) Diklofenaki imechangiaje? (Alama 8)*

Jibu la mfano, (a). Kreatinini ya mkojo ni mara 80 ya ile ya plazma (16 ÷ 0.2). Kwa kuwa kreatinini hairudishwi, maana yake ni kwamba kati ya kila mililita 80 zilizochujwa, 79 zimerudishwa. Sodiamu ya mkojo ikilinganishwa na ya plazma ni 8 ÷ 140, yaani 0.057. Sehemu ya sodiamu iliyochujwa ambayo imetoka ni 0.057 ÷ 80, yaani asilimia 0.07. Iko chini sana ya asilimia 1. Mirija iko hai na inaokota karibu kila chembe ya chumvi. Mkojo ni mdogo kwa sababu damu inayofika kwenye figo imepungua.

(b). Msukumo wa damu unaposhuka, figo hutoa renini, ambayo huanzisha mfululizo unaozaa angiotensini. Angiotensini hubana zaidi mshipa mdogo unaotoka kwenye kichujio, na hivyo kuhifadhi msukumo ndani yake. Inachochea pia aldosteroni, inayorudisha sodiamu. Wakati huohuo prostaglandini huuweka wazi mshipa unaoingia, ili damu iendelee kufika. Diklofenaki inazuia kutengenezwa kwa prostaglandini. Mshipa unaoingia unajibana, msukumo kwenye kichujio unaanguka, na uchujaji unashuka.

Alama ziko wapi. Nusu ni za hesabu na tafsiri yake, nusu ni za mishipa miwili. Kuhusu mishipa hii mfikirie mtu anayemwagilia bustani kwa mpira uliotoboka tundu ndogo katikati. Akiubana mpira mbele ya tundu, maji hutoka kwa nguvu zaidi kwenye tundu. Hiyo ndiyo kazi ya angiotensini. Akiubana nyuma ya tundu, upande wa bomba, maji ya tunduni hukata. Hilo ndilo linalofanyika prostaglandini ikiondolewa. Mtu mwenye maji ya kutosha mwilini anaweza kumeza diklofenaki siku chache bila kudhurika figo, kwa sababu haitegemei sana prostaglandini kuuweka mshipa wazi. Aliyekaukiwa anaitegemea. Dawa ni ileile, na mwili umebadilika.

Kuna kitu kingine kimejificha kwenye namba hizi. Tukikokotoa usafishaji wake wa kreatinini, mkojo kwa dakika ni 0.21, mara 80, unapata kama mililita 17 tu. Uchujaji umeanguka mpaka chini ya moja ya tano. Lakini kreatinini ya damu imepanda mara mbili na nusu tu kutoka kwenye kiwango cha kawaida. Sababu ni kwamba kreatinini hujikusanya taratibu, kama maji yanayopanda kwenye pipa baada ya tundu la chini kuziba. Ikipimwa mapema, pipa bado halijajaa. Ndiyo maana namba ya damu ya siku ya kwanza isimpe mtu faraja, na mililita za mkojo zikadharauliwa.

Matibabu yanafuata mantiki hiyo. Diklofenaki isimame leo. Maji yarudi, kwa drip kama msukumo ni mdogo na mgonjwa amelegea, au kwa maji ya ORS kama anaweza kunywa. Na hapa swali la pili linarudi kwa mlango wa nyuma. Pakiti ya ORS ya fomula ya Shirika la Afya Duniani ina sodiamu milimoli 75 na glukosi milimoli 75 kwa lita, kwa kiasi kinacholingana, kwa sababu utumbo nao una vibarua ndugu wa wale wa figo. Kibarua huyu hubeba sukari na sodiamu kwa pamoja, na maji huyafuata. Chumvi bila sukari haimpati mbebaji huyu.

Kisha mtu hukaa na kungoja, akipima mkojo saa kwa saa. Ukianza kuongezeka, mirija ilikuwa hai kweli, na hesabu ilisema kweli. Ikiwa mwili umeshajaa maji na mkojo bado hautoki, rudia kipimo. Sodiamu ya mkojo ikiwa imepanda, sehemu inayotoka ikavuka asilimia 2, na mkojo ukawa na ukali uleule wa damu, basi mirija yenyewe imeumia. Waokotaji wameacha kuokota, na kumwongezea maji mengi kutamjaza mapafu.

Mgonjwa wa namna hii huuliza swali ambalo halimo kwenye mtihani: "Daktari, nimekunywa chupa nne tangu asubuhi, mbona sikojoi?" Yule kijana wangu, wiki tatu baada ya kuniletea karatasi yake, alinijibia swali hilo bila kutaja homoni hata moja. Alisema, "Maji aliyokunywa kwanza yanalipa deni la siku mbili. Figo zake bado zinaokota kila tone, kwa sababu hazijui kwamba mengine yanakuja. Zikishajua, ataenda chooni." Nikampa alama zote.